UZI: Achieng, Barasa na Chebet, nani mkweli? Swali la mtihani wa kazi limetugombanisha

#1 Jirani_Kayole
Habari wadau. Juzi nilifanya mtihani wa kuajiriwa ofisi moja kule Upper Hill. Sitaji jina, kazi yenyewe bado naitaka. Maswali mengine yalikuwa mepesi, lakini hili limenikosesha usingizi:

Kuna kisiwa ambacho kila mkaaji wake ni mkweli au mwongo. Mkweli kila anachosema ni kweli, mwongo kila anachosema ni uongo. Umekutana na Achieng, Barasa na Chebet. Achieng anasema, "Barasa na Chebet ni wa aina moja." Barasa anasema, "Achieng ni mwongo." Nani mkweli?

Majibu ya kuchagua: (A) Achieng, (B) Barasa, (C) Chebet, (D) Haiwezi kujulikana.

Mimi nilichagua Achieng. Rafiki yangu tuliyeenda naye alichagua Barasa. Tumebishana kwa matatu kutoka mjini mpaka Donholm, abiria wa nyuma naye akaingilia, akasema ni Chebet. Nani amepata?

#2 Kamaa_Githurai
Barasa. Mwenye kumwita mwenzake mwongo hadharani lazima ana ushahidi. Uzi umefungwa.

#3 Mwalimu_Odera
Kamaa, hilo si jibu, hiyo ni kelele ya steji. Maswali haya yana utaratibu: unachukulia jambo moja kuwa kweli, unalifuata mpaka mwisho, unaangalia kama litagongana na kitu.

Tuchukulie Achieng ni mkweli. Basi Barasa na Chebet ni wa aina moja, kama alivyosema. Barasa naye amesema Achieng ni mwongo, na hilo si kweli, kwa hivyo Barasa ni mwongo. Chebet ni wa aina yake, basi naye ni mwongo. Sasa rudi ukague: mkweli kasema kweli, mwongo kasema uongo, hakuna kilichogongana. Jibu ni Achieng. Jirani, umepita.

#4 Jirani_Kayole
Asante Mwalimu! Huyo rafiki yangu namtumia hii sasa hivi.

#5 Kamaa_Githurai
Usitume bado, buda. Nimechukua njia hiyo hiyo ya Mwalimu, ila nimeanzia kwa Barasa.

Tuchukulie Barasa ni mkweli. Basi Achieng ni mwongo, kama alivyosema Barasa. Kama Achieng ni mwongo, maneno yake ni uongo, yaani Barasa na Chebet SI wa aina moja. Barasa ni mkweli, kwa hivyo Chebet ni mwongo. Nimekagua: mkweli kasema kweli, mwongo kasema uongo, hakuna kilichogongana. Jibu ni Barasa.

Sasa Mwalimu, tugawane maksi?

#6 Mwalimu_Odera
Unaanza na msemaji wa kwanza. Ndivyo maswali haya hufanywa. Ukishapata dhana isiyogongana, umemaliza, huna haja ya kwenda kwa msemaji wa pili kutafuta fujo.

#7 bintiShela_SouthC
Salaam. Mwalimu, kwa heshima, hapo siwezi kukubaliana nawe. Kisiwani humo hakuna wa kwanza wala wa pili. Lau Barasa angetangulia kusema, jibu lingebadilika? Maneno ni yale yale, watu ni wale wale.

Hatua zako zote za #3 ni sahihi, na za Kamaa #5 ni sahihi pia. Kilichoharibika ni neno la mwisho, pale mlipoandika "jibu ni". Mgongano una nguvu ya kukataa: dhana ikikufikisha mahali ambapo mtu mmoja ni mkweli na mwongo kwa pamoja, dhana hiyo imekufa, na kinyume chake kimethibitika. Lakini kukosa mgongano hakuthibitishi kitu. Ni kama mlinzi kukuachia upite getini. Haina maana kwamba nyumba ni yako, ina maana tu hajapata sababu ya kukuzuia. Na hapa mlinzi amewapitisha wawili.

Kwa hivyo kila ukichukulia jambo, na kinyume chake sharti ukijaribu. Kimoja kikifa, kingine ndicho jibu. Vikifa vyote viwili, swali lenyewe lina kasoro. Vikipona vyote viwili, kama hapa, hujui. Mimi ningejibu D.

Ila angalieni kitu kimoja kilichonifurahisha. Katika hesabu ya Mwalimu, Chebet ni mwongo. Katika hesabu ya Kamaa, Chebet ni mwongo vile vile. Hatujui kati ya Achieng na Barasa nani mkweli, lakini Chebet hana pa kutokea.

#8 Wakili_Mtaani
Ngojeni kidogo. Chebet hajafungua mdomo! Wenzake wawili wametupiana maneno, yeye amekaa kimya, na ndiye pekee aliyehukumiwa. Korti gani hiyo?

#9 Kamaa_Githurai
Karibu Nairobi, Wakili. Wawili wanagombana, wa tatu analala ndani.

#10 bintiShela_SouthC
Hahaha. Wakili, tumfuatie kwa njia fupi zaidi, utaona hakuonewa.

Anza na Barasa. Amesema Achieng ni mwongo. Kama Barasa ni mkweli, Achieng ni mwongo. Kama Barasa ni mwongo, Achieng ni mkweli. Kwa namna yoyote hao wawili ni wa aina tofauti. Kisiwani humo kumwita mtu mwongo hakutuambii kama ni mwongo, kunatuambia tu kwamba aina zenu ni mbili. Kumwita mtu mkweli ndiko kunakotuambia mko aina moja.

Sasa nenda kwa Chebet. Tuseme ni mkweli, tumpe kila nafasi. Kati ya Achieng na Barasa mmoja ni mkweli na mmoja ni mwongo. Mkweli akiwa Achieng, basi Barasa ni mwongo, na Achieng kasema Barasa na Chebet wako sawa, kumbe mmoja ni mwongo na mwingine mkweli. Mkweli kasema uongo, mgongano. Mkweli akiwa Barasa, basi Achieng ni mwongo, lakini Barasa na Chebet wote ni wakweli, wako sawa kama alivyosema. Mwongo kasema kweli, mgongano tena. Njia ni hizo mbili tu na zote zimefungwa. Kwa hivyo Chebet kuwa mkweli haiwezekani.

Hapo tofauti yake na #3 na #5 iko wazi. Hatukumwona Chebet "anafaa" kuwa mwongo, tumeona hawezi kuwa kitu kingine.

#11 Wakili_Mtaani
Nimekuelewa, lakini msingi wenyewe siukubali. Katika miaka yangu ya kusikiliza mashahidi sijakutana na mwongo wa kudanganya kila neno. Mwongo stadi anasema kweli tisa ili uongo wa kumi upite. Huyo Barasa anaweza kuwa mwongo na bado Achieng akawa mwongo vile vile. Mmemfunga Chebet kwa sheria ambayo hakuna binadamu anayeifuata.

#12 bintiShela_SouthC
Hilo ni kweli kabisa, na waliotunga michezo hii walilijua. Raymond Smullyan, yule mwanamantiki Mmarekani aliyefariki 2017, ndiye aliyekipa umaarufu kisiwa cha wakweli na waongo katika kitabu chake cha 1978, na humo humo aliweka watu wa aina ya tatu, wa kawaida, ambao mara wanasema kweli mara wanadanganya. Ukiruhusu hao kwenye swali la Jirani, maneno ya Barasa hayakupi karibu chochote. Barasa akiwa wa kawaida, kusema kwake "Achieng ni mwongo" kunaweza kuwa kweli au uongo, na Achieng abaki aina yoyote ile.

Lakini swali limesema aina ni mbili. Ukibadilisha sheria, unajibu swali lingine.

#13 mama_mapacha
Hamjambo. Mimi sikufanya mtihani wowote ila hili ni la nyumbani kwangu. Jumamosi nimetoka Gikomba nikakuta maandazi ya chai yameliwa, yamebaki makombo. Pacha mmoja ananyooshea mwenzake kidole, mwenzake anamnyooshea yeye. Kwa hii hesabu ya dada Shela hapo #10, wakitajana hivyo ina maana mmoja ni mkweli na mmoja ni mwongo, si ndiyo? Sasa nijuaje yupi?

#14 Kamaa_Githurai
Mama, pigia wote. Yule mkweli atasamehe.

#15 Mwalimu_Odera
Ndiyo, mama. Wakitajana kuwa waongo, mmoja ni mkweli na mmoja ni mwongo. Hilo dada amelithibitisha vizuri.

#16 bintiShela_SouthC
Mama mapacha, kwanza niambie walisema nini hasa. Walisema "huyu ni mwongo" au walisema "huyu ndiye aliyekula"? Mwalimu amejibu la kwanza, na mimi nadhani wako walisema la pili.

#17 mama_mapacha
La pili. "Ni yeye amekula, mami." Wote wawili neno hilo hilo.

#18 bintiShela_SouthC
Basi mambo ni tofauti kabisa. Mtu akisema "huyu ni mwongo", uongo wa mmoja ndio ukweli wa mwingine, hawawezi kudanganya wote wawili. Akisema "huyu ndiye aliyekula", wote wawili wanaweza kudanganya bila mgongano wowote, maana mlaji anaweza kuwa mtu wa tatu. Kama mlaji ni mmoja, basi ama pacha mmoja amekula na yeye peke yake ndiye anayedanganya, ama hakuna pacha aliyekula na wote wawili wamedanganya. Na kama wamekula pamoja, basi wote wawili wanasema kweli! Kuna mwingine nyumbani?

#19 mama_mapacha
Kuna mdogo wao wa miaka minne. Hakuulizwa.

#20 Wakili_Mtaani
Chebet wa pili huyo. Naomba nimtetee bure.

#21 Msimbo_wa_Umoja
Wasee, mnatumia nguvu nyingi. Watu watatu, kila mmoja ana hali mbili, jumla hali 8. Zijaribu zote, acha kompyuta ifanye kazi. 1 ni mkweli, 0 ni mwongo:

```python
for a in (0, 1):
    for b in (0, 1):
        for c in (0, 1):
            if a == (b == c) and b == (a == 0):
                print(a, b, c)
```

Inatoa mistari miwili tu, `0 1 0` na `1 0 0`. Mstari wa kwanza ni wa Kamaa, wa pili ni wa Mwalimu. Safu ya mwisho ni Chebet, ni 0 mara zote mbili. Dada Shela yuko sawa.

#22 Kamaa_Githurai
Manze nimeiandika mimi hapa na haitoi kitu. Tupu. Kumbe wote watatu si wa kisiwa hicho?

#23 Msimbo_wa_Umoja
Umeondoa mabano ya kwanza, si ndiyo? Ukiandika `a == b == c`, Paitoni inasoma kwamba a ni sawa na b, na b ni sawa na c. Achieng hakusema hivyo. Yeye amesema hao wawili wako sawa, na ukweli wa hayo maneno ndio unaolingana na aina yake. Bila mabano umemlazimisha Achieng awe aina moja na Barasa, na Barasa tayari amekataa. Ndiyo maana hakuna kinachotoka.

#24 Kamaa_Githurai
Sawa, mabano yamerudi, mistari imerudi. Kwa hivyo mimi na Mwalimu sote tumepata.

#25 bintiShela_SouthC
Nyote mmekosa kwa usawa, kaka.

#26 Jirani_Kayole
Wadau nimerudi. Nimempigia yule rafiki yangu na amenikumbusha kitu. Chebet naye ALISEMA. Kulikuwa na sentensi ya tatu. Nadhani ilikuwa: Chebet anasema, "Kati yetu sisi watatu, mkweli ni mmoja tu." Hiyo inabadilisha kitu?

#27 Kamaa_Githurai
Wewe Jirani! Tumekesha na swali nusu!

#28 Wakili_Mtaani
Mteja wangu hatimaye amepewa nafasi ya kujitetea. Naomba korti isikilize.

#29 Msimbo_wa_Umoja
Nimeongeza kwenye sharti `and c == (a + b + c == 1)`. Mabano nimeyaweka, Kamaa usiulize. Haitoi kitu. Sifuri. Hali zote 8 zimekufa.

#30 bintiShela_SouthC
Na ukifanya kwa mkono unaona zinavyokufa. Sentensi mbili za kwanza zimetuachia hali mbili. Katika zote mbili Chebet ni mwongo, na katika zote mbili mkweli ni mmoja tu, Achieng au Barasa. Sasa Chebet anasema mkweli ni mmoja tu. Hiyo ni kweli! Mwongo kasema kweli, mgongano. Huwezi ukamwokoa kwa kusema basi ni mkweli, kwa sababu hilo tulishalifunga #10, kabla hajasema neno.

Kwa hivyo akinyamaza ni mwongo, akisema hayo hawezi kuwepo.

#31 Wakili_Mtaani
Hapo ndipo nilipokuwa nawangoja. Watu watatu wamesimama mbele yako, wamesema maneno matatu, na kila njia imegongana. Dada umesema mwenyewe #7, mgongano unaua dhana. Sasa dhana gani imebaki ya kuua? Ni ile sheria ya kisiwa, kwamba kila mtu ni mkweli mtupu au mwongo mtupu. Swali lenyewe limethibitisha kwamba mmoja wao ni mtu wa kawaida. Nimeshinda kesi.

#32 Mwalimu_Odera
Hapana, Wakili. Sheria ya kisiwa umepewa na mtahini, si dhana yako ya kuitupa. Maelezo rahisi zaidi ni kwamba Jirani hakunukuu vizuri. Mtu aliyesahau sentensi nzima kwa siku mbili anaweza kusahau neno moja pia.

#33 bintiShela_SouthC
Kimantiki nyote wawili mna haki. Mgongano unakuambia kwamba mambo yote uliyoyashika hayawezi kuwa kweli pamoja. Haukuambii lipi la kuachia. Tulipomjaribu Chebet tuliachia dhana yetu kwa sababu hayo mengine tuliyaamini. Hapa hakuna dhana yetu tena, kuna sheria ya kisiwa na kumbukumbu ya Jirani. Mimi ningeachia kumbukumbu ya Jirani, lakini siwezi kumlazimisha Wakili.

#34 Jirani_Kayole
Mbona mnanishukia mimi? Mtihani ulikuwa na muda mfupi, mtu anasoma huku jasho linamtoka.

#35 mgeni_wa_UpperHill
Habarini, nimejisajili leo kwa sababu ya uzi huu. Mimi ndiye rafiki anayetajwa, yule wa jibu la Barasa. Sentensi ya Chebet haikuwa hivyo. Ilikuwa "MWONGO ni mmoja tu." Jirani amegeuza.

#36 Kamaa_Githurai
Karibu. Sasa tuna Jirani na mgeni, kila mmoja anasema mwenzake amekosea. Dada Shela, hao ni aina mbili?

#37 bintiShela_SouthC
Karibu sana, mgeni. Kamaa, hao ni watu wa kawaida wa Smullyan, wote wanaweza kuwa wamekosea.

Tujaribu ya mgeni. Katika hali zile mbili zilizobaki, waongo ni wawili. Chebet akisema mwongo ni mmoja tu, amesema uongo, na yeye ni mwongo, kwa hivyo hakuna mgongano. Lakini hakuna msaada pia. Hali ya Achieng inabaki, hali ya Barasa inabaki. Tumerudi pale pale, jibu D, na sentensi ya tatu haikuongeza kitu.

Sentensi ya kusaidia lazima iwe kweli katika hali moja na uongo katika nyingine. Tunajua Chebet atadanganya, kwa hivyo anachosema tunakigeuza na kushika kinyume chake. Lau angesema "Barasa ni mkweli", tungejua Barasa ni mwongo, na jibu lingekuwa Achieng moja kwa moja. Lau angesema "Achieng ni mkweli", jibu lingekuwa Barasa. Kusema mkweli ni mmoja tu kunaua hali zote mbili, kusema mwongo ni mmoja tu kunaziachia zote mbili. Mtahini mwenye nia ya kupata jibu moja asingechagua mojawapo ya hizo.

#38 mgeni_wa_UpperHill
Lakini kama lengo lao ni D? Labda walitaka kuona nani atakimbilia jibu la kwanza linalokubali, kama sisi wawili. Sentensi ya Chebet ikawekwa makusudi isisaidie.

#39 Msimbo_wa_Umoja
Hiyo inaingia akilini. Maofisi ya siku hizi yanapenda mitego. Nimejaribu sharti la mgeni, `and c == (a + b + c == 2)`, mistari ni ile ile miwili.

#40 Mwalimu_Odera
Mimi nina maelezo mengine. Jirani aliandika swali la mwisho ni "Nani mkweli?" Je, kama lilikuwa "Nani bila shaka ni mwongo?" Hapo huhitaji sentensi ya tatu kabisa. Sentensi mbili zinatosha, jibu ni C, Chebet, na ni jibu moja tu lisilopingika. Mtahini mzuri angeuliza hivyo, kwa sababu anayeishia hali ya kwanza ataona waongo wawili na hatajua achague yupi. Sentensi ya tatu hawa vijana wameiokota kwenye swali lingine.

#41 Jirani_Kayole
Mwalimu, abiria wa nyuma kwenye matatu alisema Chebet! Lakini nakumbuka kabisa neno "mkweli" kwenye swali.

#42 mgeni_wa_UpperHill
Mimi nakumbuka Chebet alisema kitu. Naapa.

#43 Wakili_Mtaani
Kuapa hakuna uzito katika kisiwa hiki, mgeni. Mkweli ataapa, mwongo naye ataapa.

#44 bintiShela_SouthC
Ya Mwalimu #40 ndiyo iliyonipendeza zaidi mpaka sasa, lakini inataka vijana wawe wamesahau mambo mawili, neno la swali na mwenye sentensi. Ya mgeni inataka kusahau kwa mtu mmoja tu. Bila karatasi yenyewe siwezi kuchagua.

#45 Kamaa_Githurai
Wakati mnangoja karatasi, mimi nina swali la maana kwa mtu wa Nairobi. Uko Railways usiku, kuna matatu mawili yasiyo na kibao, moja la Rongai na moja la Ngong. Makanga wawili, mmoja mkweli mmoja mwongo, hujui yupi ni yupi. Swali moja tu. Unauliza nini?

#46 Mwalimu_Odera
Hilo ni la zamani. Unamuuliza yeyote: "Nikimuuliza mwenzako gari la Rongai ni lipi, atanionyesha lipi?" Mkweli atakueleza kwa uaminifu uongo wa mwenzake. Mwongo atageuza ukweli wa mwenzake. Wote watakuonyesha la Ngong. Unapanda lile lingine.

#47 Kamaa_Githurai
Na kama wote wawili ni waongo? Railways saa nne usiku, Mwalimu, kuwa mkweli.

#48 bintiShela_SouthC
Basi njia ya Mwalimu inakupeleka Ngong. Mwenzake mwongo angeonyesha la Ngong, huyu mwongo atageuza hiyo na kuonyesha la Rongai, na wewe kwa hesabu yako utapanda lile lingine. Swali hilo linahitaji uhakika kwamba wao ni aina mbili.

Usimtaje mwenzake. Shika gari moja umuulize yeye mwenyewe: "Lau ningekuuliza kama hili ni la Rongai, ungesema ndiyo?" Mkweli atajibu ukweli. Mwongo angedanganya kwenye swali la ndani, na sasa anadanganya kuhusu huo uongo wake, kwa hivyo ukweli unarudi. Wakiwa wakweli wote, waongo wote, au mmoja mmoja, jibu linafaa.

#49 Wakili_Mtaani
Na akiwa makanga wa kawaida?

#50 Kamaa_Githurai
Atasema "panda tu, nauli ni mia" na gari halitoki mpaka lijae.

#51 mama_mapacha
Samahani kuwarudisha nyuma. Nimemuuliza yule mdogo kama alikula maandazi. Amesema, "Tulikula sote." Sasa hiyo naihesabu vipi?

#52 Msimbo_wa_Umoja
Ngoja niandike sharti.